Mkutano hautarajii kitu: kiima kinapopanda na kiima kinapojificha

Chukua sentensi mbili ambazo msikilizaji wa taarifa ya habari huzisikia karibu kila siku. Ya kwanza: "Waziri anatarajia kufungua mkutano kesho." Ya pili: "Waziri anatarajiwa kufungua mkutano kesho." Kinachozitofautisha ni herufi moja tu, ile w, na msomaji wa habari akiwa na haraka unaweza usiisikie kabisa.

Lakini kesho ikifika na waziri asitokee, herufi hiyo inakuwa na uzito. Kwa sentensi ya kwanza, waziri mwenyewe ndiye aliyekuwa na matarajio, na tuna haki ya kumuuliza kilichomzuia. Kwa sentensi ya pili, waliotarajia ni watu wengine, labda waandaaji au labda waandishi wa habari. Huenda waziri hakuwa hata na taarifa kwamba mkutano upo. Hajaahidi chochote, wala hatuwezi kusema amebadili nia.

Kuna na sentensi ya tatu, ambayo siku hizi inasikika sana redioni na kuandikwa magazetini: "Mkutano unatarajia kufanyika kesho." Wahariri wengi huifuta kwa kalamu nyekundu na kuandika "unatarajiwa". Ukiwauliza kwa nini, watakujibu kwamba mkutano hauna akili ya kutarajia. Jibu hilo ni sahihi, ila linagusa juu juu jambo ambalo wanaisimu wamelichimba kwa miaka mingi: katika sentensi yenye vitenzi viwili, kiima tunachokisikia ni cha kitenzi kipi? Na kile kitenzi cha pili, kilichovaa ku- na kisicho na kiambishi cha nafsi, kina kiima chake au hakina?

Vitenzi vya aina mbili

Tuanze na jozi nyepesi. "Daktari alianza kumpima mgonjwa." "Daktari alijaribu kumpima mgonjwa." Kwa macho zinafanana kabisa: kiima, kitenzi cha kwanza, kisha kitenzi chenye ku-. Anayepima ni daktari katika zote mbili.

Sasa jiulize kitenzi cha kwanza kinamdai daktari nini. Ili mtu ajaribu, lazima awe na nia na afanye juhudi. Kwa hiyo -jaribu kinamhitaji daktari kama mtu wake mwenyewe, na -pima nacho kinamhitaji. Daktari ana kazi mbili katika sentensi moja, lakini ametajwa mara moja tu. Wanaisimu wanaeleza hali hiyo kwa kusema kwamba -pima kina kiima kisichosikika, kiima kilichojificha, na kwamba kiima hicho kinaamuliwa na daktari wa juu. Vitenzi kama -jaribu, -ahidi na -kataa ndivyo tutakavyoviita hapa vitenzi vya kudhibiti, kwa sababu mtu wa kishazi cha juu ndiye anayedhibiti nani atakuwa kiima cha kishazi cha chini.

Kitenzi -anza hakidai hivyo. Kinachoanza si daktari, ni tukio zima la daktari kumpima mgonjwa. Daktari ni wa -pima peke yake, naye amepanda tu kwenda kusimama mbele ya -anza kwa sababu kila kitenzi kikuu cha Kiswahili kinataka kiima cha kupatana nacho. Hivi ni vitenzi vya kupandisha. Chini hakujificha mtu wa pili. Pamebaki nafasi tu, ile aliyotoka huyo aliyepanda.

Tofauti hii iliwekwa wazi katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1965 Noam Chomsky, katika kitabu chake juu ya nadharia ya sintaksia, alilinganisha kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kushawishi na kile chenye maana ya kutarajia, akionyesha kwamba sentensi zinazofanana sura zinaweza kuwa na muundo tofauti ndani. Mwaka huohuo Peter Rosenbaum alikamilisha tasnifu yake katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, iliyoshughulikia vishazi vya aina hii kwa undani, nayo ikatoka kuwa kitabu mwaka 1967. Mifano yao ilikuwa ya Kiingereza. Kiswahili kina vipimo vyake, na vingine, kwa maoni yetu, vinaonyesha jambo hili wazi zaidi kuliko Kiingereza, kwa sababu ya ngeli.

Geuza kitenzi cha chini kiwe cha kutendwa

Kipimo cha kwanza mtu anaweza kukifanya akiwa amekaa tu. Chukua kitenzi cha pili, kigeuze kiwe katika kauli ya kutendwa, kisha uone kama habari imebadilika.

"Daktari alianza kumpima mgonjwa." Geuza: "Mgonjwa alianza kupimwa na daktari." Habari ni ileile. Kama ya kwanza ni kweli, ya pili nayo ni kweli.

"Daktari alijaribu kumpima mgonjwa." Geuza: "Mgonjwa alijaribu kupimwa na daktari." Hapa habari imebadilika kabisa. Mwanzo tuliona daktari akihangaika, pengine mgonjwa hakutaka hata kuguswa. Sasa tunamwona mgonjwa amepanga foleni tangu alfajiri akitafuta huduma. Juhudi imehama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Sababu ni ile tuliyoieleza. Mtu wa -jaribu ni yule anayesimama mbele yake, kwa hiyo ukimbadilisha umebadilisha mwenye juhudi. Kwa upande wa -anza, hakuna ulichobadilisha, kwa sababu kitenzi hicho hakikuwa na mtu wake. Tukio lililoanza ni lilelile, umeliangalia tu kutoka upande wa pili.

Rudi sasa kwa waziri. "Waziri anatarajiwa kufungua mkutano" na "Mkutano unatarajiwa kufunguliwa na waziri" zinasema jambo moja, na mhariri anaweza kuchagua yoyote kulingana na kichwa cha habari anachokitaka. Kwa hiyo -tarajiwa kinapandisha. Lakini "Waziri anatarajia kufungua mkutano" ukiigeuza utapata "Mkutano unatarajia kufunguliwa na waziri", na hapo ndipo mkutano unapogeuka kuwa kiumbe chenye matumaini. Kitenzi -tarajia, kikifuatwa na ku-, kinadhibiti. Mzizi ni mmoja, kiambishi cha kutendwa kimeuhamisha kutoka kundi moja kwenda jingine, na hilo linaeleweka: ukisema "anatarajiwa" umemwondoa mwenye matarajio, nafasi ya mbele imebaki wazi, na kiima cha kishazi cha chini kimepanda kuijaza.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Kipimo hiki kinasema kama maana imebadilika au la, hakisemi kama kitenzi kina sura moja tu. Mwanaisimu David Perlmutter aliandika mwaka 1970 kwamba kitenzi cha Kiingereza cha kuanza ni viwili ndani ya kimoja, na -anza chetu kina tabia hiyohiyo. Ukimwambia mtoto "Anza kula!" unamwamuru afanye jambo kwa hiari yake, na huwezi kumwamuru mtu jambo ambalo si lake. Hapo -anza kimepata mtu wake na kinadhibiti. Kwenye "Mvua ilianza kunyesha" hakuna hiari ya mtu yeyote. Vitenzi kadhaa vinaishi hivyo, mguu huku na mguu kule.

Viima visivyoweza kutaka kitu

Kipimo cha pili kinatumia viima ambavyo haviwezi kufanya juhudi wala kuwa na nia. Kiswahili kimejaliwa navyo.

Kwanza kuna misemo ambayo kiima chake hakimaanishi kitu halisi. Tukisema "mbivu na mbichi zitajulikana", hatuzungumzii matunda. Neno hilo linapata maana yake likiwa pamoja na -julikana, na ukivitenganisha msemo unakufa. Basi tuone vitenzi gani vinaweza kuingia katikati bila kuuua. "Mbivu na mbichi zinatarajiwa kujulikana leo jioni" ni sentensi ya kawaida kabisa ya mtangazaji wa kandanda. "Mbivu na mbichi zimeanza kujulikana" pia inakubalika. Lakini "mbivu na mbichi zinajaribu kujulikana" inachekesha, maana papo hapo unaona maembe yanayohangaika. Vivyo hivyo "maji yameanza kuzidi unga" bado ina maana ya mambo kuharibika, ila "maji yamekataa kuzidi unga" inakurudisha jikoni kwenye sufuria.

Msemo unasalimika pale kiima chake kilipotoka chini, kwa mwenzake, kikapanda. Hausalimiki pale kitenzi cha juu kinapodai mtu wa kwake, kwa sababu mbivu na mbichi haziwezi kuwa mtu wa kitenzi chochote isipokuwa kile ziliozaliwa nacho.

Pili, na hiki ndicho tunachokipenda zaidi, kuna viambishi vya mahali. "Uwanjani pana watu wengi" ina kiambishi pa-, na pa- hiyo inatoka kwenye maana ya kuwapo kitu mahali. Sasa sema: "Uwanjani panatarajiwa kuwa na watu wengi." Angalia pa- ilipo. Imekaa kwenye -tarajiwa, kitenzi ambacho chenyewe hakina uhusiano wowote na mahali. Hakuna anayeutarajia uwanja. Kinachotarajiwa ni hali ya uwanjani kuwa na watu. Hiyo pa- ni mali ya "kuwa na", imepanda na tunaiona kwa macho ikiwa mahali pasipo pake.

Jaribu kufanya hivyo kwa kitenzi cha kudhibiti: "Uwanjani panajaribu kuwa na watu wengi." Haisemeki. Mahali hapajaribu. Vilevile watabiri wa hali ya hewa husema "Kunatarajiwa kuwa na mvua kubwa pwani", lakini hutamsikia yeyote akisema "Kunakusudia kuwa na mvua kubwa pwani". Mtu mbishi anaweza kudai kwamba ku- ya "kunatarajiwa" inapatana tu na neno "kuwa", kama ilivyo katika "kuimba kunafurahisha". Ndiyo maana pa- ni shahidi bora. Haiwezi kutoka kwenye kitenzi-jina, ni lazima imetoka kwenye maana ya mahali iliyo ndani ya kishazi cha chini.

Je, tunajuaje kwamba kuna aliyejificha?

Mpaka hapa tumeonyesha kwamba vitenzi vya kudhibiti vina mtu wao juu. Hatujaonyesha kwamba chini kuna kiima. Msomaji makini anaweza kusema: mnaambiwa kuna mtu asiyesikika wala kuonekana, na mnakubali? Kwa nini tusiseme "kumpima" ni jina la kazi tu, halina kiima?

Shahidi anayetufaa hapa ni neno "peke". Katika Kiswahili "peke" haliwezi kusimama bila kusema ni peke ya nani: peke yangu, peke yake, peke yao. Na huyo anayerejelewa kwa kawaida ni kiima cha kitenzi kilicho karibu. "Mwalimu alitoka peke yake." "Wanafunzi walitoka peke yao." Ukivuruga upatanisho huo sentensi inaharibika.

Basi tuchukue mfano mmoja na tuukague polepole. Wanafunzi wako darasani na mwalimu, na mwandishi anaripoti hivi: "Wanafunzi walimwomba mwalimu kutoka nje." Nani atatoka? Isome tena. Inaweza kuwa wanafunzi wanaomba ruhusa, na ndivyo wengi wetu tutakavyoielewa, maana darasani ndiyo desturi. Inaweza pia kuwa wanafunzi wamechoka na mwalimu na wanamwomba awapishe. Maneno yaliyosikika ni yaleyale.

Ongeza "peke". "Wanafunzi walimwomba mwalimu kutoka nje peke yao": wanaotoka ni wanafunzi. "Wanafunzi walimwomba mwalimu kutoka nje peke yake": anayetoka ni mwalimu. Hakuna kingine kilichobadilika katika sentensi. Upatanisho wa "peke" umetuambia kiima cha "kutoka" ni kipi, na kama kuna cha kupatana nacho, basi kipo, ingawa hakikutamkwa.

Vitenzi vingine havitoi uhuru huo. Kwa -ahidi, mdhibiti ni anayeahidi: "Mkurugenzi aliwaahidi wafanyakazi kuja peke yake." Ukisema "aliwaahidi wafanyakazi kuja peke yao" msikilizaji anakwama. Kwa -shawishi ni kinyume, mdhibiti ni anayeshawishiwa: "Mkurugenzi aliwashawishi wafanyakazi kuja peke yao." Na kwa ule mtindo wa redio wa "Waziri awataka wakulima kutumia mbegu bora", anayetumia mbegu ni mkulima, hata kama waziri naye ana shamba.

Dawa ya utata wa -omba kila Mswahili anayo. Badala ya ku- tumia kitenzi chenye kiambishi cha nafsi: "Wanafunzi walimwomba mwalimu atoke" au "walimwomba watoke". Hapo kiima cha chini kimejitokeza hadharani, ni a- au wa-, na hakuna wa kudhibitiwa tena. Kwenye habari za bunge au za mahakamani, ambako watu huombwa kutoka kila wiki, tungependekeza kiambishi hicho kiandikwe kila mara. Hakiongezi herufi yoyote, na kinaondoa swali ambalo wakili au msemaji wa chama angelipigia simu.

Kiambishi kipo, na bado kiima kimepanda

Ingekuwa rahisi kama tungeweza kusema: kishazi cha chini kikiwa na kiambishi cha nafsi kina kiima chake, kikiwa na ku- hakina. Kitenzi -onekana kinatuharibia hesabu hiyo.

Tunaweza kusema "Inaonekana watoto wamechoka." Hapo i- ya mwanzo haipatani na kitu chochote, na watoto wako chini kwenye kishazi chao. Tunaweza pia kusema "Watoto wanaonekana wamechoka." Watoto wamepanda juu, -onekana kimepatana nao, lakini -choka nacho bado kina wa- yake. Viambishi viwili, kiima kimoja. Katika Kiingereza jambo hili halikubaliki: kitenzi cha chini kikishakuwa na wakati na upatanisho kamili, kiima chake hakipandi tena. Katika lugha za Kibantu kinapanda. Vicki Carstens na Michael Diercks waliandika mwaka 2013 juu ya upandaji wa aina hii wakitumia, miongoni mwa nyingine, Kibukusu cha magharibi mwa Kenya.

Lakini je, ni upandaji kweli? Kitenzi -onekana kina maana nyingine ya kawaida, yaani kuonwa kwa macho. Pengine "Watoto wanaonekana wamechoka" ni kusema tu kwamba watoto wanaonwa, nao wamechoka. Hapo turudi kwenye misemo. "Maji yanaonekana yamezidi unga" inaweza kusemwa juu ya ndoa au juu ya klabu ya mpira, na hakuna maji yoyote anayeyaona mtu. "Uwanjani panaonekana pana watu wengi" nayo ina pa- mara mbili. Vyote viwili vinaelekeza kwenye upandaji. Tunakiri kwamba sentensi ya watoto bado ina ladha ya kuwa umewaona: kama umeona taa zimezimwa tu, utasema "inaonekana watoto wamelala", huenda si "watoto wanaonekana wamelala". Kitenzi kimoja kinafanya kazi mbili, na kiima chenye uhai kinaziacha zote mbili ziwezekane.

Mti unataka kuanguka

Kwa kawaida -taka ni mfano safi wa kudhibiti. Anayetaka ana nia, na akitaka mtu mwingine afanye jambo, kishazi cha chini kinapata kiima chake: "Mama anataka watoto walale."

Hata hivyo kila mzungumzaji amewahi kusema "Mvua inataka kunyesha", au "Mti huu unataka kuanguka." Hakuna anayedhani mti una nia. Maana yake ni kwamba jambo liko karibu kutokea. Bernd Heine, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Cologne, alieleza katika miaka ya 1990 jinsi vitenzi vya kutaka vinavyogeuka kuwa alama ya ukaribu wa tukio katika lugha kadhaa za Afrika, na Kiswahili kimo. Kwa lugha ya makala hii, -taka cha kudhibiti kimezaa -taka cha kupandisha.

Hatari iko pale kiima kinapokuwa mtu. "Mgonjwa anataka kufa." Muuguzi wa zamu akiisema sentensi hii kwenye simu, anaweza kumaanisha kwamba mapigo ya moyo yameshuka na daktari akimbie. Anaweza pia kumaanisha kwamba mgonjwa amekata tamaa ya kuishi, anasema hivyo, na anahitaji mtu wa kukaa naye na kumwondolea vitu vya hatari. Ni misaada miwili tofauti kabisa. Sentensi hiyo ikichukuliwa na mwandishi na kuandikwa kama kauli ya mgonjwa, inaweza kumsingizia marehemu jambo zito.

Kipimo hapa ni kuona kama kishazi cha chini kinaweza kupewa kiima cha kwake. Mgonjwa mwenye nia anaweza kutaka "mwanawe aje", anaweza kutaka "dripu itolewe". Mti hauwezi kutaka tawi lianguke. Kwa hiyo sentensi ikipanuliwa hivyo na bado ikasimama, tuko kwenye -taka cha nia. Kama haipanuki, ni -taka cha ukaribu, na afadhali mwandishi aandike "yu karibu kufa" au "hali yake ni mahututi".

Je, "Mkutano unatarajia kufanyika" iko njiani kufuata mti unaotaka kuanguka? Inawezekana kabisa. Lugha imeshafanya hivyo mara moja, na wanaosema hivyo si wajinga wa Kiswahili. Hata hivyo tunawaunga mkono wahariri wa kalamu nyekundu. Kwa -taka lugha ilipata kitu kipya, njia fupi ya kusema jambo liko karibu. Kwa -tarajia hatupati kipya, maana -tarajiwa ipo tayari na inafanya kazi hiyohiyo, na tunachopoteza ni uwezo wa kusikia kama waziri aliahidi au hakuahidi.

Anadaiwa, anatuhumiwa

Tumalizie kwenye habari za mahakamani, ambako vipimo hivi vina matumizi ya moja kwa moja. Tuseme fedha zimepotea katika ofisi fulani na jina la mhasibu limetajwa. Mwandishi ana vitenzi viwili mkononi: "Mhasibu anadaiwa kuiba fedha" na "Mhasibu anatuhumiwa kuiba fedha." Vyumba vingi vya habari huvitumia kwa kubadilishana, ili neno moja lisijirudie.

Geuza kitenzi cha chini. "Fedha zinadaiwa kuibwa na mhasibu" inakubalika, na habari ni ileile. "Fedha zinatuhumiwa kuibwa na mhasibu" haikubaliki, kwa sababu fedha hazituhumiwi. Jaribu kiambishi cha mahali: "Ofisini panadaiwa kuwa na wizi" inapita, "Ofisini panatuhumiwa kuwa na wizi" inakwama. Kwa hiyo -daiwa, katika maana hii ya kusemekana na si ile ya kuwa na deni, kinapandisha. Dai ni juu ya tukio zima, na mhasibu amepanda tu kutoka ndani yake. Kitenzi -tuhumiwa kinadhibiti: mhasibu ni mtu wake, kuna aliyemnyooshea kidole yeye, na ndiye pia kiima kilichojificha cha -iba.

Mwandishi ambaye ana ripoti ya ukaguzi inayosema tu kwamba fedha ziliibwa na kwamba mhasibu alihusika, lakini hajapata hati ya mashtaka wala mtu aliyemtuhumu mhasibu kwa jina, anaweza kuandika "anadaiwa". Hana msingi wa kuandika "anatuhumiwa", kwa sababu kitenzi hicho kinasema kuna mtuhumu. Na akishapata hati ya mashtaka, "anadaiwa" inakuwa dhaifu mno. Hapo atumie "ameshtakiwa kwa wizi", amtaje aliyeshtaki, na asiache kishazi cha chini kimbebee kazi hiyo.